Wati 1,103,625 kwa tangi moja: namba ni sahihi, kizio ndicho kimekosewa

*Shikamoo mwalimu. Nasoma ufundi wa maji, mwaka wa pili. Tulipewa zoezi: tangi la lita 10,000 lijae kwa saa 4, maji yapande mita 45 kwa jumla, tafuta nguvu ya pampu. Niliingiza namba kwenye fomula nikapata wati 1,103,625, darasa zima likacheka. Mwenzangu anasema mafundi huzidisha mita za ujazo kwa saa na kimo, halafu wanagawanya kwa 367, ila hajui hiyo 367 imetoka wapi. Mimi hupotea hapo kila siku: nizidishe au nigawanye? Kuna namna ya kujua kosa kabla jibu halijaniumbua?*

Marahaba. Waliokucheka wamecheka mapema, kwa sababu namba yako haina kosa. Kosa ni neno "wati" uliloliweka mbele yake. Turudi kwenye fomula uliyotumia, ila safari hii kila namba ibebe kizio chake, yaani yuniti yake, tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho:

```
P = ρ × g × Q × H
P = 1000 kg/m³ × 9.81 m/s² × 2.5 m³/h × 45 m
```

Herufi ρ ni uzito wa maji kwa kila mita moja ya ujazo, g ni mvutano wa dunia, Q ni kiasi cha maji kinachopita kwa muda fulani, na H ni kimo. Sasa ziache namba kando kidogo, shughulika na vizio peke yake kama vile ni herufi za aljebra. Kuna m³ chini, kwenye kg/m³, na kuna m³ juu, kwenye m³/h. Hizo zinafutana. Kinachobaki ni kg × m/s² × m, vyote juu ya h. Kilo mara mita kwa sekunde mraba ni nyutoni. Nyutoni mara mita ni jouli. Kwa hiyo ulichopata ni hiki:

```
P = 1,103,625 J/h
```

Jouli 1,103,625 kwa saa. Wati ni jouli kwa *sekunde*. Hukukosea kuzidisha wala hukukosea fomula. Ulichukua jibu lililo sahihi katika kizio kimoja ukalibandika jina la kingine. Ungeandika h moja tu kwenye mstari wa kwanza, ingekaa pale chini hadi mwisho ikikungoja, na usingeweza kuandika W bila kuiona.

Kuiondoa hiyo h ndiko kunakojibu swali lako la kuzidisha au kugawanya. Saa 1 na sekunde 3600 ni muda uleule. Ukiandika kimoja juu ya kingine unapata sehemu ambayo thamani yake ni moja, na kuzidisha kitu kwa moja hakukibadilishi. Kunabadilisha jina lake tu. Sehemu hiyo inaweza kuandikwa kwa namna mbili, saa ikiwa juu au saa ikiwa chini, na zote mbili ni sawa na moja. Wewe huchagui kwa kukumbuka. Unaangalia kizio unachotaka kiondoke kimekaa wapi, halafu unakiweka upande wa pili. Hapa h iko chini, basi kwenye sehemu yako iweke juu:

```
1,103,625 J/h × 1 h/3600 s = 306.6 J/s = 306.6 W
```

Wati mia tatu na kitu. Kugawanya kwa 3600 kumetokea kwenyewe, kwa kuwa 3600 iliangukia chini. Hebu sasa igeuze sehemu hiyo makusudi, uone kosa linavyojitokeza:

```
1,103,625 J/h × 3600 s/1 h = 3,973,050,000 J·s/h²
```

Jouli-sekunde kwa saa mraba. Hakuna mita ya umeme wala pampu duniani inayopima kitu hicho. Huhitaji kujua kama bilioni nne ni nyingi au chache. Kizio tu kinakwambia umegeuza sehemu juu chini. Ndiyo maana ninapendelea wanafunzi waache kabisa kauli kama "kutoka saa kwenda sekunde zidisha". Kauli ile ni kweli ukibadilisha muda wenyewe, saa 4 kuwa sekunde 14,400. Inakuwa uongo pale saa inapokaa chini, kama kwenye lita kwa saa. Anayekariri kauli hukosea nusu ya mara, na hajui ni nusu ipi.

Kabla sijaendelea, jambo moja la sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Wanafunzi wengi hufupisha "saa" kwa herufi s, halafu mstari unaofuata s hiyohiyo ni sekunde. Hapo vizio vinafutana kwenye karatasi wakati havifutani kwenye maji. Andika h kwa saa, s kwa sekunde, na min kwa dakika, kama zinavyoandikwa kwenye pampu yenyewe. Vilevile "kilo" usiiache peke yake: kuna kilogramu, kuna kilomita, kuna kilowati, na zoezi la pampu linaweza kuwa nazo zote tatu kwenye ukurasa mmoja.

Sasa turudi mwanzo wa zoezi, pale ulipotoka lita 10,000 na saa 4 ukafika 2.5. Inaelekea ulifanya kichwani, na ulifanya sawa. Ila kwenye karatasi inafaa ionekane, kwa sababu sehemu za kubadilishia zinaweza kupangwa mfululizo kama behewa za treni, kila moja ikiondoa kizio kimoja:

```
10,000 L   1 m³      1 h
──────── × ────── × ────── = 0.000694 m³/s
  4 h      1000 L   3600 s
```

Fuata jicho lako tu. L iko juu, L iko chini, zimekwisha. h iko chini, h iko juu, zimekwisha. Zimebaki m³ juu na s chini, ndicho kizio ambacho fomula inataka. Kata kwa kalamu kila jozi inayofutana. Usikate kwa macho. Ukifika mwisho wa mstari, visivyokatwa ndivyo vizio vya jibu, upende usipende. Hapo ndipo unaposoma jibu lako, *kabla* ya kugusa kikokotoo. Ukianza na kikokotoo utaipenda namba uliyoipata, na namba uliyokwisha kuipenda ni vigumu kuitilia shaka.

Ukiingiza 0.000694 m³/s badala ya 2.5 m³/h kwenye fomula, s inatokea chini badala ya h na jibu linatoka moja kwa moja katika wati: 306. Kubadilisha mwanzoni au kubadilisha mwishoni ni hiari yako. Mimi nabadilisha mwanzoni, maana mstari wa fomula unakuwa safi, lakini anayebadilisha mwishoni hakosei mradi vizio viko pale.

Kama bado huamini wati 306, pima kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Kuipandisha mita 45 kunahitaji 20 kg × 9.81 m/s² × 45 m, yaani jouli 8,829. Tangi lako linapokea lita 2,500 kwa saa, ambazo ni ndoo 125 kwa saa, kama ndoo mbili hivi kila dakika. Ndoo 125 kwa saa mara jouli 8,829 kwa ndoo: "ndoo" inafutana na "ndoo", na kinachobaki ni jouli 1,103,625 kwa saa. Ile ile uliyochekwa nayo. Ona pia kwamba "ndoo" imefanya kazi ya kizio bila kuwa kwenye orodha yoyote ya kimataifa. Chochote unachohesabu, ndoo, gunia, mzunguko wa pampu au kaya, unaweza kukibeba hivyohivyo.

Tuje kwenye 367 ya mwenzako. Ni njia halali, inapatikana kwenye vitabu vya pampu, na mafundi huitumia kwa sababu ni ya haraka. Imetoka hapa:

```
3,600,000 / (1000 × 9.81) = 367
```

Hiyo 3,600,000 ni sekunde 3600 za saa moja mara wati 1000 za kilowati moja. Hiyo 1000 ya chini ni kilo za maji katika mita moja ya ujazo, na 9.81 ni mvutano wa dunia. Mtu aliyezikusanya alifuta vizio vyote akaacha namba tupu. Kwa zoezi lako, 2.5 × 45 / 367 ni 0.3065, na hiyo ni *kilowati*, karibu sawa kabisa na wati zetu 306.6.

Tatizo ni kwamba 367 inaonekana kama namba tu, kumbe ina vizio tumboni. Ukiiandika kikamilifu ni 367 za "m³/h mara m, kwa kila kilowati moja". Maana yake inakubali mtiririko katika m³/h peke yake, kimo katika mita peke yake, na majimaji yaliyo na uzito wa maji. Ukiipa lita kwa dakika, haitalalamika. Lita 2,500 kwa saa ni lita 41.7 kwa dakika, 41.7 × 45 / 367 ni 5.1, na utaenda dukani kutafuta pampu ya kilowati 5 kwa kazi ya theluthi moja ya kilowati. Ukiipa lita kwa saa, 2500 × 45 / 367, inatoka 306.5, na hapo watu hushangilia kwamba fomula inakubali kila kitu. Haikubali. Lita ni elfu moja katika mita ya ujazo na wati ni elfu moja katika kilowati, kwa hiyo makosa mawili yamelingana na jibu limetoka katika wati badala ya kilowati. Na ukisukuma dizeli, ambayo ni nyepesi kuliko maji, 367 itakupa nguvu kubwa kuliko inayohitajika, kwa sababu ile 1000 iliyofichwa ndani yake ni ya maji. Basi kila ukipewa fomula ya fundi yenye namba isiyo na asili, uliza mambo mawili: inaingizwa vizio gani, na inatoa kizio gani. Ukikosa wa kukujibu, tumia fomula ndefu.

Namba isiyo na kizio imeshaishusha ndege. Tarehe 23 Julai 1983, ndege mpya aina ya Boeing 767 ya Air Canada, safari namba 143, ilikuwa inatoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Geji za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi, kwa hiyo mafuta yaliyomo yalipimwa kwa vijiti vya tangi, yakaonekana ni lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ndege hii ilipima mafuta kwa kilo, wakati ndege nyingine za shirika zilikuwa bado zinatumia ratili. Ili kutoa lita kuwa uzito, waliohesabu walichukua namba 1.77 waliyoizoea. Hesabu yao ilikwenda hivi:

```
7,682 × 1.77 = 13,597
22,300 − 13,597 = 8,703
8,703 / 1.77 = 4,917
```

Ikaongezwa karibu lita 4,917. Hakuna kosa la hesabu hata moja katika mistari hii mitatu. Hata ukirudia mara kumi kwa kikokotoo, itatoka vilevile. Sasa iandike na vizio. Ile 1.77 ni *ratili* kwa lita:

```
7,682 L × 1.77 ratili/L = 13,597 ratili
22,300 kg − 13,597 ratili = ?
```

Mstari wa pili hauendi popote. Kuzidisha na kugawanya kunaruhusu vizio tofauti, ndivyo tunavyopata jouli kwa saa na mita kwa sekunde. Kujumlisha na kutoa hakuruhusu. Huwezi kutoa ratili kwenye kilo kama usivyoweza kutoa dakika kwenye mita. Pale kalamu ingesimama, mtu angeuliza 1.77 ni ya nini, na namba iliyotakiwa, kilo 0.803 kwa lita, ingepatikana. Hesabu sahihi ni hii:

```
7,682 L × 0.803 kg/L = 6,169 kg
22,300 kg − 6,169 kg = 16,131 kg
16,131 kg × 1 L/0.803 kg = 20,088 L
```

Lita elfu ishirini zilitakiwa, zikaingia chini ya elfu tano. Ndege iliondoka ikiwa na kama kilo 10,100 za mafuta, chini ya nusu ya mahitaji. Yaliisha ikiwa juu, futi zipatazo 41,000, injini zote mbili zikazima, na marubani wakaiteremsha kama kishada hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, Manitoba. Hakuna aliyekufa. Nimeileta hapa kwa ajili ya ule mstari wa kutoa, kwa sababu kwenye hesabu za maji mnafanya vilevile kila siku: maji yaliyomo, toa yaliyotumika, ongeza yanayoingia. Kila alama ya + na − iwe kituo cha ukaguzi. Kulia na kushoto kwake vizio viwe vilevile, herufi kwa herufi, la sivyo usivuke.

Kuna mahali pengine ambapo wanafunzi wa maji hutelezea zaidi ya hapo, nako ni kwenye eneo na ujazo. Tuseme bomba lako lina kipenyo cha ndani cha milimita 32 na unataka kujua kasi ya maji ndani yake. Eneo la mdomo wa bomba ni π × 16 mm × 16 mm, yaani 804 mm². Fomula inataka m². Wengi wanajua kwamba mita moja ina milimita 1000, wanagawanya kwa 1000, wanaandika 0.804 m² na kuendelea. Wakigawanya 0.000694 m³/s kwa hiyo, wanapata kasi ya 0.00086 m/s. Kwa kasi hiyo maji yangechukua zaidi ya saa 14 kupanda mita 45, wakati tangi linatakiwa kujaa kwa saa 4.

Angalia vizio vingesema nini:

```
804 mm² × 1 m/1000 mm = 0.804 m·mm
```

mm² ni mm mara mm. Sehemu yako imefuta mm moja, nyingine imebaki. Jibu lina "mita-milimita", kitu nusu nusu, na kile kilichobaki ndicho kinachokwambia cha kufanya: leta sehemu ileile mara ya pili.

```
804 mm² × 1 m/1000 mm × 1 m/1000 mm = 0.000804 m²
```

Sasa kasi ni 0.000694 / 0.000804, kama 0.86 m/s, ambayo ni kasi ya kawaida kabisa kwa bomba la maji. Kwa ujazo ni mara tatu. Usikariri milioni na bilioni. Iandike sehemu mara mbili kwa eneo na mara tatu kwa ujazo, na vizio vitakuambia umetosheka lini.

Nisikudanganye, njia hii haioni kila kosa, na ni afadhali ujue inakopofuka. Mahali pa kwanza ni kwenye namba zisizo na kizio kwa asili yake. Zoezi lako halijaisha kwenye wati 306.6. Hiyo ni nguvu inayoingia kwenye maji. Pampu na mota yake hupoteza sehemu ya umeme kwa joto na msuguano, na tukichukulia ufanisi wa vyote viwili ni asilimia 45, umeme unaohitajika ni 306.6 W / 0.45, yaani wati 681. Mwanafunzi anayezidisha badala ya kugawanya anapata wati 138. Zote mbili ni wati, vizio vimenyamaza kimya. Hapo inabidi utumie akili ya kazi: umeme unaoingia lazima uzidi kinachotoka kwenye maji, kwa hiyo 138 haiwezekani. Namna mojawapo ya kujisaidia ni kubandika majina. Andika "0.45 W ya maji / 1 W ya umeme". Unazo W za maji juu na unataka zitoke, basi ufanisi lazima ugeuzwe, na umerudi kwenye kanuni ileile ya mwanzo. Majina haya hayamo kwenye fomula, lakini hakuna anayekukataza kuyaandika.

Vivyo hivyo kipenyo na nusu kipenyo, vyote ni milimita. Ungetumia 32 badala ya 16, eneo lingetoka mara nne ya ukweli na vizio visingetikisika. Na mita 45 zako: kina cha maji kisimani, urefu wa kupanda hadi mdomo wa tangi, na msuguano wa bomba uliogeuzwa kuwa mita. Vyote ni m, vyote vinajumlishika, na ukisahau kimoja hakuna kitakachokukumbusha.

Mahali pa pili ni jina moja lenye vipimo viwili. Pampu nyingi zinazoingia kwetu zimeandikwa gpm, galoni kwa dakika. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546.

```
2500 L/h × 1 galoni/3.785 L × 1 h/60 min = 11.0 galoni/min
2500 L/h × 1 galoni/4.546 L × 1 h/60 min = 9.2 galoni/min
```

Mistari yote miwili imefutana vizuri, na tofauti ni karibu moja ya tano. Galoni ziandike kwa jina kamili, "galoni ya Marekani" na "galoni ya Uingereza", na uzichukulie kama vizio viwili visivyojuana. Kwenye mashine, tafuta kama kuna LPM, yaani lita kwa dakika, au m³/h iliyoandikwa pembeni. Mara nyingi ipo, na inakuondolea kubahatisha.

Halijoto iweke kando kabisa. Selsiasi na Farenhaiti hazianzii kwenye sifuri moja, kwa hiyo hakuna sehemu iliyo sawa na moja inayoweza kukutoa 20 °C ukafika 68 °F. Lazima uzidishe kwa 1.8 halafu uongeze 32. *Tofauti* ya halijoto, kama maji yaliyopanda digrii 10 za Selsiasi, ndiyo inayobadilishwa kwa sehemu, ikawa digrii 18 za Farenhaiti.

Kama unatumia kompyuta yenye Linux, programu iitwayo `units` inakukagulia haya yote. Andika mstari wako na vizio vyake, kisha kizio unachotaka:

```
units '1000 kg/m^3 * 9.81 m/s^2 * 2.5 m^3/hour * 45 m' 'W'
```

Itakurudishia 306.5625. Ukisahau H, ile `45 m` ya mwisho, haikupi namba ya wati; inakujibu `conformability error`, yaani vizio havilingani. Jihadhari tu kwamba `gallon` kwake ni ya Marekani. Ya Uingereza inaiita `brgallon`.

Basi malizia zoezi lako hivi, na mwalimu akikuuliza gharama ya kujaza tangi usikwame. Mota inakula wati 681 kwa saa 4:

```
681 W × 1 kW/1000 W × 4 h = 2.7 kWh
```

Hizo ni yuniti 2.7 za umeme, zilezile unazonunua kwenye LUKU, na ni kilowati *mara* saa. Mwenzako akiandika kW/h, mwambie aangalie mstari huu: h haina kitu chini cha kufutana nacho, imebaki juu.